Bendera Nyekundu ya Mwanasha

Nilimfundisha mimi. Nianze na hilo, maana wenzangu pale ofisini hupenda kusimulia kisa hiki kana kwamba kompyuta ilifanya kiburi yenyewe, na Mama Apolonia kwa wema wake hajawahi kunitaja. Mimi Abdulrazak, fundi wa kompyuta mwenye vyeti viwili vya Dar es Salaam na maneno mengi, ndiye niliyemwonyesha bendera za rangi. Na ndiye niliyesahau kumwambia jambo moja.

Ilikuwa mwaka 2005. Ofisi yetu ilikuwa Lindi mjini, vyumba vitatu vya shirika dogo la hisani lililokuwa likiwatafuta watoto wa mkoa wetu wenye ugonjwa wa moyo na kuwapeleka kwa madaktari bingwa waliokuja Dar es Salaam mara moja kwa mwaka. Madaktari walikuwa wageni, muda wao mfupi, na mambo yote yalikwenda kwa barua pepe. Barua hizo ziliingia mahali pamoja tu, kwenye kompyuta ya katibu muhtasi wetu, Mama Apolonia.

Mama Apolonia ni Mmakonde wa Newala, anakaa Mitwero nje kidogo ya mji, na hajakosa misa ya kwanza tangu nimjue. Kwa miaka kumi na saba alikuwa karani wa masjala katika shirika la umma lililokuwa likinunua korosho. Shirika likabinafsishwa, mwekezaji akaja na kompyuta mbili, na masjala nzima ikapunguzwa kazi kwa barua ya ukurasa mmoja. Miaka sita iliyofuata akauza vitumbua stendi. Kwa hiyo alipoajiriwa kwetu akiwa na umri wa miaka hamsini na mbili, akaonyeshwa meza yenye kompyuta juu yake, alivuta kiti polepole akakaa ukingoni, mkoba mapajani, mtu aliye tayari kuambiwa aondoke.

Hofu hiyo haikumtoka. Kila barua pepe mpya ilipoingia alishtuka. Kwa siku zilikuwa zinaingia thelathini, arobaini: zahanati zinauliza, Dar wanauliza, wafadhili wanauliza, na matangazo ya upuuzi yamejaa katikati. Alikuwa anaandika kila kitu pembeni kwenye daftari, halafu analitafuta daftari. Mwezi Agosti nikamkuta saa mbili asubuhi ameshika tama mbele ya skrini.

"Abduli, mwanangu," akasema, "hizi barua zitanifukuzisha kazi."

Basi nikavuta kiti. Nikamwonyesha kibendera kidogo kinachokaa mwisho wa kila mstari wa barua. Ukikibofya kwa kitufe cha kulia unapata rangi sita: nyekundu, buluu, njano, kijani, chungwa na zambarau. Nikamwonyesha pia kwamba bendera hiyo unaweza kuipa tarehe na saa, na saa hiyo ikifika, kama programu iko wazi, dirisha dogo linaruka katikati ya skrini na kengele inalia. Unaweza kuliahirisha, dakika tano au siku nzima, au ukalifuta. Kazi ikiisha, unabofya bendera na inageuka kuwa alama ya vema.

Siku ya kwanza alipaka rangi kwa vyeo. Barua za meneja nyekundu, za Dar buluu, na zahanati za vijijini zikaangukia zambarau huko mwisho. Nilicheka sana. Nikamwambia, "Mama, rangi haiulizi nani kaandika. Inauliza wewe unatakiwa kufanya nini." Alinielewa kuliko nilivyotarajia. Akazipunguza rangi zikabaki tatu: nyekundu kwa mgonjwa mwenye tarehe isiyosubiri, buluu kwa jambo ambalo tumeshaandika na tunangoja majibu ya wengine, njano kwa la kusoma akipata nafasi. Akaandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Na ukumbusho hakuuweka siku ya mwisho. Aliuweka siku kadhaa kabla, ili akiwakosa watu kwenye simu apate kurudia. Hilo sikumfundisha mimi. Alitoka nalo masjala.

Wiki mbili kengele ile ililia vizuri. Ikilia, Mama Apolonia anasema, "Abee!" kama ameitwa, na ofisi nzima tunacheka. Akaanza kuegemea kiti.

Halafu meneja wetu, Bwana Rafaeli, akapita nyuma yake siku moja akaona barua mia nne kwenye kikasha cha barua zinazoingia. Bwana Rafaeli hapigi kelele. Anashusha sauti, na hiyo ndiyo mbaya. Akasema kwa upole, "Mama, hapa ni ofisi au soko la samaki?" Akaenda zake. Mama Apolonia hakula mchana. Jioni ile ile akafanya alichofanya kwa miaka kumi na saba: akatengeneza folda, moja kwa kila mgonjwa, na kila barua akiisha kuisoma na kuiwekea bendera na saa, anaihamisha kwenye folda yake. Kule masjala jalada linarudi kabatini, na karani wa daftari la kukumbusha analitoa siku yake ikifika, liwe kabati gani. Ndivyo alivyojua kazi. Asubuhi kikasha kilikuwa cheupe, na Bwana Rafaeli akasema, "Sasa naona katibu."

Nikampongeza na mimi. Nilipita pale nikaona usafi ule, nikamwambia, "Mama, umekuwa mtaalamu," nikaenda kunywa chai.

Alhamisi ya tarehe 22 Septemba, saa tano asubuhi kasoro kidogo, nilikuwa chini ya meza yake narekebisha waya wa printa. Akawa anazungumza huku anapiga chapa, ametulia. Akasema, "Unajua, Abduli, hii mashine siku hizi imeniheshimu. Wiki ya pili hii haijanipigia kengele hata mara moja."

Nikauliza kutoka kule chini, "Hata mara moja, mama?"

"Hata moja. Nadhani kwa sababu sasa kazi zangu ziko kwenye mpango."

Nikatoka chini ya meza. Niliwahi kusoma mahali, kwenye kitabu cha kozi, mstari mmoja ambao sikuujali: ukumbusho hulia kwa barua iliyo kwenye kikasha kikuu tu. Ukiihamisha kwenda kwenye folda uliyoitengeneza mwenyewe, bendera inabaki na rangi yake, tarehe inabaki imeandikwa, lakini programu haiitazami tena. Hailii.

Sikumwambia hapo hapo. Niliogopa. Nikamwambia, "Tujaribu kitu." Nikafungua folda ya mgonjwa mmoja wa zamani, nikachukua barua ya mwezi Julai isiyo na maana, nikaipa bendera na kuiwekea saa: dakika mbili mbele. Tukakaa tunaitazama saa iliyo pembeni ya skrini. Dakika ya kwanza ikapita. Mama Apolonia alikuwa ameacha kuandika, mikono iko hewani juu ya kibodi. Dakika ya pili ikafika, ikapita. Ya tatu. Nje kulikuwa na pikipiki inapita barabarani, ndani hakuna kilicholia.

"Abduli," akasema kwa sauti ndogo sana, "nini kimetokea?"

Nikamwambia. Sijui niliyasema vipi maneno yale. Nakumbuka alijishika kifua kama kuna mtu amemsukuma, akasema, "Mama Maria." Halafu akauliza swali la kazi, kwa sababu yeye ni mtu wa kazi hata akiwa na hofu: "Nitazijuaje zilizopita? Folda ziko sitini na moja."

Kuna folda moja ambayo programu inaitengeneza yenyewe. Haihifadhi barua, inazikusanya tu kwa macho: barua yoyote yenye bendera, popote ilipo, inaonekana humo, kwa makundi ya rangi. Mimi sikuwahi kumwonyesha kwa sababu nilidhani kengele inatosha. Nikaifungua. Zikatokea barua ishirini na tatu. Zilizopitiwa na tarehe zilikuwa zimeandikwa kwa maandishi mekundu, na zilikuwa tisa. Nane kati ya hizo zilikuwa za buluu na njano, mambo ya risiti za usafiri na ratiba, yanayoweza kungoja. Ya tisa ilikuwa na bendera nyekundu.

Mwanasha Huseni, miaka saba, Kilwa Kisiwani. Tundu kwenye moyo. Ukumbusho: Jumatatu tarehe 19, saa nne asubuhi, piga Kilwa Masoko uongee na mama yake. Na ndani ya barua, maneno ya mratibu wa madaktari kutoka Dar: tuthibitishieni kwa maandishi uzito wa mtoto, kama ana homa au kikohozi, na kwamba mzazi yuko tayari kusafiri Jumamosi. Mwisho Alhamisi tarehe 22, saa sita kamili mchana. Baada ya hapo nafasi anapewa mtoto anayefuata kwenye orodha.

Saa ya skrini ilisema saa tano na dakika kumi na mbili.

Mwanasha tulimjua sote. Mwezi Juni aliletwa kupimwa, kitoto chenye midomo ya rangi ya zambarau, akitembea hatua kumi anachuchumaa kupumzika halafu anaendelea, bila kulalamika. Daktari aliyempima alisema hatafika mvua za mwakani bila upasuaji.

Mama Apolonia akanyakua simu. Laini yetu ilikuwa moja, ya simu na ya intaneti, kwa hiyo nikakata intaneti apate kupiga. Mganga wa zahanati ya Kilwa Masoko aliyekuwa akitusaidia aliitwa Dionis. Simu iliita ikakatika. Ikaita tena ikakatika. Mara ya tatu nilimwona anabonyeza namba kwa haraka hadi akakosea, akaanza upya, huku midomo inasali. Saa tano na dakika ishirini na sita Dionis akapokea.

"Shikamoo mama. Nilidhani mmeahirisha," nikasikia sauti yake, maana alikuwa anapaza. "Moza, mama yake Mwanasha, alikuja na mtoto Jumatatu kama tulivyopatana. Wamekaa kwenye benchi langu toka asubuhi hadi jioni, wanangoja simu yako. Haikuja. Wakarudi kisiwani na mashua ya mwisho."

Mama Apolonia alifumba macho. "Ulimpima?"

"Nilimpima. Kilo kumi na tano na nusu. Homa hana, kikohozi hana."

"Na mama yake alikuwa tayari?"

"Siku hiyo alikuwa tayari kabisa. Alikuja na mfuko wa nguo."

Akaandika mkononi, kwenye ngozi, kwa kalamu. Akashusha simu, nikapiga namba ya intaneti. Wale waliokuwepo zama zile wanaujua mlio ule, unavyokoroma na kupiga filimbi, na asubuhi ile ulikoroma ukakata. Ukakoroma ukakata. Yeye alikuwa anaandika barua kwa vidole viwili bila kukosea hata herufi moja, uzito, homa, kikohozi, utayari wa mama, na mbele ya kila kimoja akaandika Jumatatu, kwa sababu hakutaka kusema asichokijua cha leo. Saa tano na dakika arobaini na nane akabofya kutuma. Barua ikaenda kukaa kwenye kikasha cha zinazotoka, ikakaa. Laini ilikuwa haijashika.

Nilichomoa waya nikauchomeka. Jasho lilikuwa linanidondokea kwenye kibodi. Yeye alisimama ameshika ukingo wa meza, hanilaumu, na afadhali angenitukana. Laini ikashika saa tano na dakika hamsini na nne. Barua ikatoka kwenye kile kikasha saa tano na dakika hamsini na saba. Nilipiga kelele ya furaha. Mama Apolonia alikaa chini akaniambia, "Bado."

Saa sita na robo majibu yakaja: imepokelewa, nafasi ni ya Mwanasha, afike Dar Jumamosi jioni, kama hafiki tuarifiwe leo kabla ya saa kumi. Ndipo Bwana Rafaeli akatoka chumbani kwake, maana kelele zangu alizisikia, akasimama mlangoni akauliza kuna nini. Tukamwambia nusu: kwamba barua ya Mwanasha imechelewa kidogo ila imekwenda. Aliitazama saa yake, akamtazama Mama Apolonia, akarudi ndani. Mlango aliuacha wazi.

Dionis tulimwomba avuke mwenyewe na simu yake ya mkononi, kwa sababu kisiwani mtandao wa Masoko unafika. Kabla hajaondoka, nilimnong'oneza kwenye simu: "Mwambie Moza mtandao ulikuwa mbovu Jumatatu." Nilidhani nawasaidia watu wawili, mama yangu wa ofisini na mimi mwenyewe. Mtandao mbovu ni kisingizio ambacho hakuna mtu wa Lindi anayekipinga.

Saa nane na nusu simu ikalia. Dionis alikuwa anahema.

"Hataki," akasema. "Moza anasema hatoki. Nimembembeleza mpaka nimechoka. Anasema mtandao haukuwa mbovu, kaka yake alimpigia kupitia simu yangu Jumatatu hiyo hiyo, kutoka kijiji cha Tingi, mara mbili. Anasema mnamficha."

"Tunamficha nini?" Mama Apolonia akauliza.

"Anasema madaktari wameshaona mtoto hafai, ndiyo maana hamkupiga. Mmeona aibu kumwambia. Sasa mnamwita aende Dar akafie huko mbali na kwao, ili makaratasi yenu yakamilike. Ameshamwambia mtoto kwamba safari haipo. Anataka afe mikononi mwake."

Mama Apolonia alikaa na simu sikioni. Bwana Rafaeli alikuwa ametoka tena, safari hii amekuja hadi katikati ya chumba, mikono nyuma. Nilimwona mama yule anamtazama meneja, kisha anaitazama ile karatasi ya rangi tatu ukutani, na uso wake ulikuwa umekauka. Nilijua anachokiona. Alikuwa anaiona stendi, na vitumbua, na barua ya ukurasa mmoja. Nikamwashiria kwa mkono: sema mtandao, sema Dar walichelewa, sema chochote.

"Mpe simu mwenyewe," akamwambia Dionis.

Nilisogeza sikio. Kulikuwa na upepo kwenye simu, na kuku, kisha sauti ya mwanamke. Moza hakusalimia.

"Mama Mwanasha," akasema Mama Apolonia. "Mimi ndiye niliyetakiwa kukupigia Jumatatu. Naitwa Apolonia, nipo Lindi. Mtandao haukuwa mbovu."

Akashusha pumzi, akaendelea:

"Madaktari hawajamkataa mtoto wako. Hawajawahi. Barua yao ilikuja zamani, inasema wanamtaka. Niliiweka kwenye mashine, nikaiwekea alama ya kunikumbusha, halafu nikaihamisha mahali ambapo alama haiwezi kunikumbusha. Sikujua. Jumatatu ikapita nami nimekaa hapa hapa nanywa chai. Nilikusahau, mama. Wewe umekaa kwenye benchi na mtoto mgonjwa kutwa nzima, na mimi nimekusahau."

Bwana Rafaeli hakusogea. Mimi nilikuwa natazama sakafu.

"Kwa hiyo," sauti ya Moza ikaja polepole, "kwa hiyo si ugonjwa?"

"Si ugonjwa."

"Hawakusema hatapona?"

"Hawakusema. Ni mimi. Ni kosa langu mimi tu, mama, na unisamehe ukiweza."

Nilichokisikia baada ya hapo nilidhani ni kilio, na kilikuwa kilio, lakini ndani yake kulikuwa na kicheko kinachopanda na kushuka.

"Alhamdulillahi," Moza akasema. "Alhamdulillahi! Kumbe ni wewe tu! Mama, siku tatu hizi mimi simwangalii mtoto usoni. Nalala namshika pua nisikie kama anapumua. Kumbe ni wewe tu umesahau!" Na akageuka, sauti ikawa mbali na simu, inaita uani: "Mwanasha! We Mwanasha! Njoo uvae viatu!"

Mama Apolonia alirudisha simu mahali pake akaweka mikono yote miwili juu yake, asijue aipeleke wapi. Bwana Rafaeli alikohoa. Akasema kwa sauti ile ya chini, "Kesho asubuhi nataka maelezo ya maandishi, nyinyi wawili." Halafu akaongeza kwamba gari la ofisi liondoke alfajiri kwenda Masoko, liwachukue mama na mtoto hadi Dar, wasipande basi.

Mama Apolonia alikubali kwa kichwa. Kisha akavuta kiti, akakaa vizuri, hadi nyuma kabisa, akafungua ile folda ya kukusanya, akaanza kuzirudisha barua kwenye kikasha moja moja, akisoma kila tarehe kwa sauti.